Ile ya Tatu Uliyosema

Mkono wa kushoto wa Felisita Mayige haunyooki. Akiwa dukani kwake Kasoli, anapotundika bomba la kupulizia pamba ukutani, anatumia wa kulia, na ule wa kushoto unabaki umejikunja kifuani kama amembeba kuku. Wageni humuuliza kama aliumwa na nyoka. Wenyeji hawaulizi.

Panga lilipita hapo, akiwa binti mdogo kwao Ipililo. Mama yake alipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu kama wanawake wote wa nyika isiyo na kuni, na moshi ukamla macho mpaka yakawa mekundu. Mtoto wa jirani akafa kwa homa, watu wakatazamana, kisha wakatazama yale macho, maana kwao macho mekundu ni ya mchawi. Walikuja jioni, ugali ukiwa jikoni. Felisita akajilaza juu ya mama yake. Pigo la kwanza lilimfika yeye kwenye kiwiko, yaliyofuata yalimpita yakamfika mama. Anamkumbuka aliyeshika mlango, na aliyemulika taa. Anakumbuka mmoja aliyerudi ndani kwa sababu alisahau kandambili zake, akazitafuta pale pale kwenye damu, akazipata, akavaa, akaenda.

Mtu aliyeona hayo hubaki na jambo moja kichwani. La Felisita lilikuwa hili: mtu kwanza. Alipokua, akasomea kozi ya wauza pembejeo na kufungua duka la dawa za mifugo na mazao, mteja angeweza kumwaga shida zake zote, kuku, ng'ombe, pamba, mtama, panya wa ghalani, na katikati akataja mtoto mwenye kikohozi. Felisita angeanza na mtoto. "Ng'ombe atasubiri," husema. "Mtu kwanza." Kisha hurudi kwenye yale mengine, moja baada ya jingine, bila kuandika popote, kwa maana kichwa chake hakipotezi kitu. Hilo analijua na halifichi.

Na huko vijijini simu ya Felisita haiwi ya mtu mmoja. Akipigiwa, yule mwenye simu huiweka spika, huiegemeza kwenye kinu, na nyumba nzima huja na majirani zao. Kila mmoja anatupia swali lake. Felisita anasikiliza mpaka wamalize, ndipo anajibu kwa mkupuo, kama anayegawa chakula kwenye sahani.

Siku hiyo aliyepiga alikuwa Shija, mwana wa marehemu Limbu, kutoka kitongoji cha ndani kabisa, mwendo mrefu wa pikipiki kutoka Kasoli. Ni mtu wa ukoo wake, humwita shangazi.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila, ng'wana Limbu. Hamjambo huko?"

"Tupo, ila mambo yametuzidi. Nimekuweka spika, nzengo yote, majirani wote, iko hapa."

"Haya, semeni. Mmoja mmoja, msigombanie simu kama ndama kwenye chuchu."

Wakacheka. Mke wa Shija, Gloria, akaanza: kuku wanapinda shingo na kufa. Akafuata Sayi, mdogo wake Shija, kijana wa kifua kipana aliyekuwa anajiandaa kuoa: ng'ombe wake wa mahari wamejaa kupe mpaka ndani ya masikio, na wakwe wanakuja kuwakagua. Shija akauliza habari ya funza wanaotoboa vitumba vya pamba. Mwishoni kabisa ikasikika sauti ya kizee, ya Milembe, mke mdogo wa marehemu Limbu, aliyewalea Shija na Sayi ingawa hakuwazaa.

"Mwanangu Felisita, na mimi macho. Yanawasha, yanatoa maji, asubuhi siyafungui. Yamekuwa mekundu, watoto wananikimbia."

Felisita akaibana simu sikioni. Mkono wake wa kushoto ulijikaza wenyewe.

"Nimesikia yote," akasema. "Naanza na mtu. Mayu Milembe, usiweke maziwa, usiweke majani, usiweke dawa yoyote kutoka dukani kwangu. Shija, mpeleke mama yako hospitali, kwa daktari wa macho. Wiki hii. Umenisikia? Haya. Kuku, hiyo ni mdondo, walioanza kupinda shingo hawaponi, watenge. Walio wazima wapate chanjo. Ng'ombe wa Sayi, nitawatumia dawa ya kupe, mnachanganya na maji kwenye bomba, mnalowesha mwili wote, msisahau masikio na chini ya mkia. Pamba, nitawatumia ya funza, pulizieni upepo ukiwa umetulia, na anayepulizia ajifunike mwili, maana ile ni sumu kali."

"Wabeja, shangazi, wabeja sana!" nyumba nzima ikashukuru, na simu ikakatika.

Chupa mbili zilipelekwa na Joakim, mwenye bodaboda anayepeleka mizigo ya Felisita vijijini. Zilikuwa chupa za kampuni moja, umbo moja, karatasi zenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Moja ilikuwa na kifuniko cheupe, moja chekundu. Shija hajui kusoma. Gloria anajua, lakini alikuwa shambani anapalilia. Shija akapiga simu.

Ilikuwa siku ya mnada. Duka la Felisita lilijaa watu mpaka nje, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo, mtu mmoja anagombana na mwenzake juu ya nani alitangulia.

"Shangazi, mzigo umefika. Ile ya tatu uliyosema, ni chupa ipi?"

Felisita alikuwa na kifurushi cha mbegu mkononi na simu begani. Akayapitisha yale maswali kichwani kama anayepitisha shanga: kuku, kupe, pamba, macho. La tatu ni pamba. Hakuhitaji kufikiri mara mbili.

"Ya tatu ni kifuniko chekundu," akasema.

"Tufanye vile vile ulivyosema?"

"Vile vile nilivyosema. Na macho ya mama yako?"

"Tutampeleka, tukimaliza hili."

Akakata. Akarudi kwa wateja.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa anafagia mbele ya duka, simu ikalia. Alikuwa Gloria. Hakusalimia. Alikuwa analia kwa mdomo ulioziba, kama mtu mwenye chakula mdomoni.

"Shangazi, wanamuua mama! Ng'ombe wameanguka wote, wanasema ni yeye! Shija amenivunja jino, shangazi, nilimshika mkono akanivunja jino! Njoo!"

Nyuma ya sauti yake Felisita akasikia mwano, ule ukelele wa kuitana ambao mwanaume yeyote wa nzengo akiusikia lazima atoke na fimbo. Alikuwa hajausikia kwa karibu tangu Ipililo.

"Ng'ombe wameangukaje? Niambie wanavyofanya!"

"Wanatoa mapovu, wanatetemeka, wanaharisha maji..."

Felisita akajua hapo hapo kwamba hiyo si kazi ya mganga wala ya bibi kizee. Ile ni sumu. Akampigia Novatus, daktari wa mifugo, akamwambia abebe sindano za kuzuia sumu ya dawa ya wadudu, zote alizonazo. Akawapigia polisi, akaambiwa watakuja gari likirudi. Akachukua miche ya sabuni, akapanda nyuma ya Joakim.

"Shangazi, njia imeharibika kule mtoni, twende taratibu," Joakim akasema.

"Ukienda taratibu, nashuka natembea."

Joakim akaiachia pikipiki ikapiga kelele njia nzima.

Walipofika kwa marehemu Limbu, wanaume walikuwa wamejaa mpaka kwenye uzio wa minyaa. Fimbo, marungu, mapanga, mmoja ana jembe. Ng'ombe walikuwa wamelala zizini kama magunia yaliyodondoka kwenye lori, wengine wamekwisha kufa, miguu imekakamaa, wengine wanapiga kichwa chini na kunguruma, mate meupe yamewafunika pua. Fahali mweupe, ambaye Sayi alimpenda kuliko wote, alijaribu kuinuka, miguu ya mbele ikakubali, ya nyuma ikakataa, akaanguka juu ya ndama wake na mbavu za ndama zikasikika.

Milembe alikuwa chini ya minyaa. Utomvu mweupe wa matawi yaliyovunjika ulikuwa umemchirizikia kichwani na kuchanganyika na damu. Mkono wake mmoja ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Mtu alikuwa amempiga mdomoni. Shija alisimama juu yake na fimbo, anahema, na kila alipovuta pumzi alikuwa kama anataka kulia, kisha anampiga tena ili asilie.

"Sema umewafanya nini! Sema!"

"Nimewafanya nini, Shija? Nimekulea."

Fimbo ikashuka begani kwake.

"Mtazameni macho! Mtazameni!" wakapiga kelele wa nyuma. "Macho hayo hayadanganyi!"

Felisita akapita katikati yao. Mwanamke wa makamo, mkono mmoja umejikunja, gauni la dukani. Walimpisha kwa sababu walimjua, kila mmoja aliwahi kununua kwake. Alipofika kwa Milembe alikaa chini, akamvuta kichwa cha yule mzee kikalala kwenye mapaja yake. Lolote lingemfika Milembe sasa, lingempitia yeye kwanza.

"Shangazi, ondoka hapo," Shija akasema. "Hatuna ugomvi na wewe."

"Mnao. Mnamuua kwa lipi?"

"Hujaona ng'ombe? Jana walikuwa wazima! Leo asubuhi huyu ameonekana zizini, peke yake!"

"Nilikwenda kuokota mavi ya kusiliba sakafu," Milembe akasema kutoka mapajani. "Kila siku naokota. Nani asiyejua?"

"Na Sayi!" mwingine akadakia. "Alimwambia Sayi atakufa! Alimwapiza jana mchana, tumesikia!"

Hapo Felisita akamtazama Sayi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa zizi, kifua wazi, panga mkononi. Mate yalimtiririka kidevuni na hakuyafuta. Machozi yalimtoka bila kulia. Jasho lilimlowesha kama aliyetoka kuvuka mto, suruali yake ilikuwa imelowa kwa mbele, na nyama za kifuani na mabegani zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha za sindano.

Ni vile vile walivyokuwa ng'ombe.

"Mayu," Felisita akasema taratibu, "ulimwambia nini Sayi jana?"

"Nilimwambia avae shati," Milembe akasema. "Alikuwa anawapulizia ng'ombe kifua wazi, dawa inamrudia kwa upepo. Nikamwambia, mwanangu, vaa shati, utajiua na hiyo dawa."

"Mmesikia! Utajiua!" kundi likaguna.

"Leteni chupa," Felisita akasema. "Chupa mliyopulizia ng'ombe. Leteni niione."

Hakuna aliyesogea. Gloria, mdomo umevimba na damu imekauka shingoni, ndiye aliyeinama chini ya hori la maji akaiokota. Ilikuwa tupu. Kifuniko kilikuwa bado kimening'inia kwa uzi wake wa plastiki. Chekundu.

Felisita akaigeuza chupa, akasoma karatasi yake.

"Shija. Hii ni ya pamba. Mmewapulizia ng'ombe dawa ya pamba."

"Ulisema wewe!" Shija akaguta. "Nilikupigia! Nilikuuliza ile ya tatu ni chupa ipi, ukasema nyekundu! Nikauliza mara ya pili, ukasema vile vile ulivyosema!"

"Ya tatu ni pamba!" Felisita naye akapaza sauti. "Nakumbuka yote. Gloria aliuliza kuku, Sayi akauliza kupe, wewe ukauliza pamba, mama yako akauliza macho. Ya tatu ni pamba!"

"Hapana! Ulijibu macho! Macho, kuku, kupe, pamba! Wewe mwenyewe ulianza na macho, ukasema naanza na mtu! Ya tatu uliyosema ni kupe! Watu wote hawa walikuwepo, waulize!"

Wanaume wakatazamana. Mzee mmoja aliyekuwa na rungu akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli," akasema. "Alianza na macho."

Felisita naye akahesabu. Hakuna aliyesahau. Kichwa chake kilikuwa kimehifadhi maswali kama yalivyoulizwa, bila kosa. Kichwa cha Shija kilihifadhi majibu kama yalivyotolewa, bila kosa pia. Shija alikuwa amesema uliyosema, akasema waziwazi, na yeye akachukua waliyouliza. Alikuwa na mbuzi masikioni na watu mlangoni, hakujishughulisha kumuuliza neno moja: ya tatu ya nini? Mtu aliyewekwa mbele ya foleni ya majibu ndiye aliyeisogeza hesabu yote nafasi moja. Na mtu huyo alikuwa Milembe, ambaye sasa damu yake inamlowesha mapajani.

Angeweza kunyamaza. Kundi lilikuwa tayari lina mchawi wake. Lisingehitaji wa pili. Angeweza kusema karatasi ya chupa inaeleza, shauri yenu msiosoma, na watu wangekubali. Lakini Milembe asingetoka pale mzima.

"Basi sikilizeni," akasema. "Shija aliuliza jibu langu la tatu, mimi nikamjibu swali lenu la tatu. Hayakuwa kitu kimoja. Chupa niliyomtajia ni sumu ya funza. Ng'ombe wameuawa na neno langu kwenye simu. Mama huyu hakufanya chochote. Mwacheni."

Kutoka nyuma mtu akasema, "Kumbe wako wawili," na fimbo ikaruka ikampata Felisita kwenye bega. Ya pili ikampata sikioni na dunia yote ikalia kama kengele. Hakuinuka. Akajikunja juu ya kichwa cha Milembe, ule mkono usionyooka ukaenda wenyewe mahali pake pa zamani.

Sayi akaja. Kundi likafunguka akapita. "Ng'ombe wangu," alisema, lakini ulimi ulikuwa mzito, maneno yalitoka yamelowa mate. "Mahari yangu. Mmeniua." Akainua panga kwa mikono miwili.

"Sayi!" Felisita akasema, akimtazama usoni. "Unaona mawingumawingu? Tumbo linakukata? Kifua kinabana? Ni ile dawa, mwanangu. Imeingia kwenye ngozi yako. Alikuambia uvae shati!"

Panga likatetemeka juu. Mikono yote ilitetemeka, mpaka viwiko, mpaka mabega. Lilishuka, lakini halikushuka alikolielekeza. Lilipita kando ya kichwa cha Felisita, likakata tawi la mnyaa, likamtoka mkononi na kumchana mwenyewe mguuni. Akapiga magoti. Akatapika. Kisha akaanguka ubavu, na miguu yake ikaanza kupigapiga vumbi sawasawa na ya fahali wake kule zizini.

"Anamloga mbele yetu!" mmoja akapiga kelele, na watu wakarudi nyuma wakikanyagana.

"Maji!" Felisita akaguta. "Maji na sabuni! Mtu kwanza! Mtatazama mpaka afe? Mvueni suruali, msimshike mikono mitupu, shikeni kwa mifuko ya nailoni! Maji mengi!"

Mtu mmoja akaja na kibuyu cha maziwa.

"Maziwa peleka kwa paka! Hayaoshi ngozi, na atapaliwa nayo! Nimesema maji!"

Aliyetangulia kuleta ndoo alikuwa Gloria. Alimmwagia shemeji yake kuanzia kichwani, akapaka sabuni kifuani, kwapani, kwenye nywele, akamwaga tena. Kisha Shija akatupa fimbo. Kisha yule mzee wa rungu akaliweka rungu chini kwa adabu, kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine, akaenda kisimani na ndoo. Wale wa nyuma walianza kupungua mmoja mmoja kupitia upenyo wa minyaa. Mwano huita watu, lakini hauwaagi.

Sayi alifungwa khanga kiunoni, akalazwa kati ya Joakim na Shija kwenye pikipiki, Shija amemkumbatia kwa nyuma, wakaondoka kwenda Bariadi hospitali. Chupa ile tupu Felisita alimfungia Shija kwenye mfuko, akamwambia: "Mpe daktari hii. Usimweleze kwa maneno yako. Mpe chupa asome."

Novatus alifika muda mfupi baadaye, akakuta watu wawili wameanza kunoa visu wachune ng'ombe waliokufa. Akawafukuza kwa matusi ambayo hayaandikiki. "Mnataka msiba wa kitongoji kizima? Nyama hiyo inazikwa, na ngozi yake!" Akawaosha na kuwachoma sindano waliokuwa bado wanapumua. Fahali mweupe hakuinuka. Mitamba michache iliinuka jioni, miguu imetanuka kama meza mbovu. Novatus alipomaliza, alimfunga Milembe mkono kwa vipande vya mti na kitambaa, akampakia mgongoni mwake kwenye pikipiki, Gloria nyuma amewashika wote wawili.

Muda wote huo, tangu Sayi aondoke mpaka pikipiki ile ilipoondoka, Felisita hakutoka pale chini ya minyaa. Sikio lake lilikuwa linatoa damu. Watu walimwambia amekwisha salimika, ainuke. Akawaambia wamwache kwanza. Alikuwa anatazama miguu ya kila aliyebaki uani, mmoja baada ya mwingine, nani ana kandambili na nani hana.

Polisi walikuja. Shija alichukuliwa, na waliotajwa na Gloria wakachukuliwa, na Sayi naye aliposimama vizuri wodini alitoka na pingu. Felisita aliitwa kituoni kutoa maelezo. Askari alimuuliza mambo mengi kwa mpigo, ya duka, ya simu, ya nani alipiga, ya chupa, kisha akasema, "Sasa mama, lile jibu lako la pili, hebu lifafanue."

"Taja jambo, afande," Felisita akasema.

"Nimesema la pili."

"Nami nimesema taja jambo. Duka, simu, fimbo au chupa? Kwa kuhesabu, watu wanakufa."

Askari alimtazama, akatazama lile sikio lililofungwa bandeji, akataja jambo.

Hiyo ndiyo sheria yake mpaka leo. Piga simu Kasoli umuulize ile ya tatu, atakunyamazia mpaka useme kupe au useme funza. Ukisema, atakurudishia: "Umesema ng'ombe. Nami najibu ng'ombe. Rudia nikusikie." Wako wanaomwona amezeeka kabla ya wakati, wanamwigiza vilabuni. Hajali. Kwa ndugu wa Limbu alipeleka mitamba ya kwake mwenyewe, bila kuombwa, na hakuingia uani kwao.

Milembe alikaa hospitali muda mrefu. Mfupa wa mkono ulishika, lakini umeshika vibaya, haunyooki. Siku Felisita alipokwenda kumtazama, walikaa kitandani pamoja, kushoto kwa kushoto, mikono miwili imejikunja, na muuguzi akawauliza kama ni mtu na mama yake. Hakuna aliyemsahihisha.

Walikula machungwa. Walizungumza habari za mvua na za Gloria, aliyerudi kwao Maswa na watoto. Sayi alikuwa ametuma salamu kutoka mahabusu. Milembe hakusema kama amezipokea. Felisita alipoinuka kuaga, yule mzee akamshika gauni.

"Felisita. Na ile ya kwanza uliyosema, je?"

Felisita akasimama. Kichwani zikapita shanga zote, za maswali na za majibu, foleni mbili, na kila moja ilikuwa na ya kwanza yake. Hakuchagua.

"Ya kwanza ya nini, mayu? Taja."

"Macho," Milembe akasema. Aliyainua kumtazama, mekundu vile vile, yanatoka maji vile vile. "Ulisema nipelekwe kwa daktari wa macho. Wiki hii, ulisema. Wamenitibu mkono, wamenishona kichwa. Hakuna aliyeniuliza macho."

"Umesema macho," Felisita akasema. "Nami najibu macho."

Akamvisha kandambili, moja kisha nyingine, akampa bega lake lile ambalo fimbo haikulifikia, wakatoka wodini kwenda kutafuta mlango wa daktari wa macho.